Masizi Katika Jicho la Mama Mkwe

Miaka ya mwanzo ya ndoa yangu, mama mkwe wangu na mimi hatukuwahi kutazamana usoni. Hatukuwa na ugomvi. Hivyo ndivyo watu wa kwetu Tetu walivyoheshimiana siku zile, hasa mkwe wa kiume na mama aliyemzaa mkewe. Nikifika kwake nilisimama mlangoni na kusalimu nikiangalia mguu wa meza. Yeye alijibu akiangalia dirisha. Chai aliniletea mwenyewe, lakini aliiweka mezani kutoka ubavuni na kurudi nyuma kabla sijanyoosha mkono. Tukiwa na jambo la kusemezana, mke wangu alikaa katikati na maneno yalipita kwake, hata kama sote watatu tulikuwa katika chumba kimoja na kila mtu alisikia kila neno.

Hakuniita mkwe, wala jina langu. Binti yetu wa pili alipewa jina lake, kama desturi inavyotaka, kwa hiyo aliniita Baba wa Wajina. Mtoto mwenyewe alimwita "mwenzangu", na wakiwa wawili jikoni walitaniana kama wanawake wa rika moja.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutengeneza saa katika mji wa Nyeri, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua saa zilizokufa na kuzifunga tena, na kwa kusoma vitabu nilivyovipata, kimoja baada ya kingine, mpaka nikaelewa. Naitaja kazi hiyo kwa sababu moja tu: fundi wa saa hutumia jicho moja. Lenzi huwekwa kwenye jicho la kulia na la kushoto huachwa lipumzike. Ukifanya hivyo kutwa, unagundua jambo ambalo watu wengi hawalitambui, kwamba jicho moja likizibwa sehemu, lingine huchukua kazi yake kimya kimya, na mwenye macho hajui kama kitu kimepungua.

Ilikuwa mwezi wa saba, miaka ya sabini, wakati ambapo ukungu hushuka Tetu asubuhi na huenda usiondoke hadi jioni. Shemeji yangu mdogo, binti wa mwisho wa nyumba ile, alikuwa ameposwa, na wageni wa upande wa mume walitarajiwa Jumamosi kuanza mazungumzo ya mahari. Mama mkwe alikuwa mjane mwenye mabinti watupu. Kaka mkubwa wa marehemu mumewe ndiye angeongea kwa niaba ya nyumba. Mimi, kama mkwe wa kwanza, kazi yangu ilikuwa kubandika magazeti mapya ukutani.

Sebule ya mbao ya siku zile ilipambwa hivyo. Unakoroga unga wa ngano na maji ya moto mpaka upate gundi, unaipaka ubaoni, kisha unalaza gazeti na kulipangusa kwa kitambaa. Magazeti ya zamani yalikuwa yamefunuka upande ule ambapo bati lilivuja. Nilikuwa juu ya stuli nikiyabandua, na mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua, alikuwa amekaa akichagua maharagwe.

"Mama amefagia masizi ya jikoni mara mbili wiki hii," aliniambia. "Bado anasema yanamwangukia machoni."

"Jiko la kuni lina masizi."

"Nimeangalia dari. Ni safi kuliko hii sahani."

Kila anayeishi na jiko la mafiga anayajua masizi yale, nyuzi nyeusi zinazoning'inia darini kama utando wa buibui. Mama mkwe alikuwa akiyaona yakielea mbele yake hata akiwa nje kwenye majani chai. Alikuwa akiyapunga kwa mkono na hayakuondoka. Jirani mmoja alimshauri aoshe macho kwa chai baridi isiyo na maziwa. Mwingine alimnunulia dawa ya matone dukani. Yeye mwenyewe aliamua kwamba ni moshi, kwa kuwa kwetu karibu kila mwanamke mzima ana macho mekundu na lawama yote huwa ya moshi. Akafagia dari.

Akaingia na chai yangu. Niliteremka na kuangalia mguu wa meza kama kawaida, na kwa sababu hiyo niliona vizuri kilichotokea. Aliweka kikombe hewani, kabla ya ukingo wa meza, akakiachia. Kikavunjika kwenye sakafu.

"Ni moshi," alisema, akiliambia dirisha.

Mke wangu aliinama kwa shida kuokota vigae. Nilimwuliza kwa sauti ya chini kama mama alikuwa ameona jambo lingine zaidi ya masizi.

"Mama," akasema mke wangu, "Baba wa Wajina anauliza kama kuna kitu kingine unaona."

"Mwambie hakuna. Mwambie ni radi tu."

"Radi gani?"

"Si hii inamulika kando jioni. Upande huu." Alionyesha pembeni mwa jicho la kulia. "Inamulika na hakuna ngurumo. Nikageuka, hakuna kitu. Ati mvua ikuje, lakini haikuji."

Sikujua maana yake. Ni lazima niseme hivyo, kwa maana watu waliosimulia habari hii baadaye walinifanya daktari. Nilichojua ni namna ya kupima jicho moja moja, basi.

"Mwambie mama azibe jicho la kushoto kwa kiganja," nilimwambia mke wangu. "Asilifinye, alizibe tu. Kisha akutazame wewe."

"Mama, ziba la kushoto."

"Mwambie nimeziba."

"Sasa aniambie anakuonaje."

Nilisikia maji ya chai yakidondoka kutoka ubao mmoja hadi mwingine.

"Hana kidevu," mama mkwe alisema.

Mke wangu akacheka. "Mama, kidevu changu nimekipeleka wapi?"

"Nakuambia sikioni. Macho nayaona, pua naiona. Hapa chini kuna kitu cheusi. Kama shuka imeanikwa. Inatoka huku kwa pua, inapanda." Akaondoa kiganja, kisha akaziba jicho la kulia. "Sasa kidevu kimerudi."

"Iko hivyo tangu lini?" niliuliza, nikasahau kupitia kwa mke wangu.

Naye akajibu, akasahau vilevile. "Jana ilikuwa chini kabisa. Nilidhani ni ukungu umekaa kwa shamba."

"Kunauma?"

"Kungeuma ningejua ni ugonjwa."

Jibu hilo nimelifikiria mara nyingi. Jicho lililoingiwa na kijiti huuma, na mtu hukimbia hospitali. Hili halikuuma hata kidogo, halikuwa jekundu, na jicho la pili liliziba pengo. Hakuna kilichomharakisha.

Kaka wa marehemu aliitwa. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata kukiwa na jua. Alisikiliza, akamtazama shemeji yake, akasema kwamba mtu anayetembea na kukamua ng'ombe si mgonjwa wa kupelekwa Nyeri siku mbili kabla ya wageni.

"Jumatatu ataenda," akasema. "Macho yatangoja. Wale watu wa ng'ambo ya mto hawatangoja, na wakikuta mama wa msichana hayuko watasema tumewakataa."

"Hata mimi nasema Jumatatu," mama mkwe akaunga mkono.

"Mzee," nilisema, "jana giza lilikuwa chini. Leo limefika kidevuni. Nikikupa saa inayopoteza dakika zaidi kila siku, utangoja Jumatatu?"

"Saa ni yako, wewe ndiye unajua. Mama huyu si saa."

"Ndiyo maana nataka anayejua amwone."

Alifikiri. Kisha akasema kwamba gari la maziwa lingepita, na kama angeenda na kurudi siku hiyo hiyo, hakuna kilichoharibika. Mama mkwe alikubali kwa sharti hilo. Akavaa kitambaa chake cha kanisani, akamwagiza binti yake wa mwisho asiache maharagwe yaungue, na sisi watatu tukapanda gari.

Hospitali ya Nyeri ilikuwa na chumba cha macho mwishoni mwa ujia. Aliyekuwa zamu alikuwa tabibu aliyesomea macho, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Kwanza alimsomesha herufi ukutani, na kwa kuwa mama mkwe hakusoma, akampa ubao wa alama zilizoelekea kushoto, kulia, juu na chini. Jicho la kulia bado lilifuata alama. Tabibu aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Aliuliza kama tangu utotoni alikuwa akileta vitu karibu na uso ili avione. Mke wangu alisema ndiyo, nyumba nzima humtania kwamba ananusa maharagwe badala ya kuyachagua.

"Hajawahi kuvaa miwani?"

"Miwani ni ya watu wa ofisi," mama mkwe akasema.

Alitiwa matone ya kupanua mboni. Tulisubiri. Kisha tabibu akafunga pazia la dirisha, akamlaza, akachungulia ndani ya jicho kwa chombo chenye taa, muda mrefu, akimwambia atazame juu, pembeni, chini. Alipowasha taa ya chumba alivuta kiti na kumkalia karibu.

"Mama, nyumba yako ina magazeti ukutani?"

Alishangaa. "Iko. Baba wa Wajina anabandika mapya leo."

"Basi utanielewa. Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando mwembamba kama gazeti lililobandikwa. Unaitwa retina. Huo ndio unaoona. Jicho lisiloona mbali kama lako, utando wake huchanika kwa urahisi. Wako umechanika mahali padogo, upande wa juu kwa nje, na maji yaliyo ndani ya jicho yamepita kwenye mpasuko na kuingia nyuma yake. Gazeti likiingiwa na maji nyuma linafanyaje?"

"Linabanduka."

"Linaanzia pale palipochanika, linaendelea. Pale lilipobanduka ndipo unapoona giza. Limebanduka juu, lakini jicho hupindua picha, kwa hiyo wewe unaona giza chini. Yale masizi yalikuwa chembe zilizoachwa ndani utando ulipovutwa na kuchanika. Na ile radi ilikuwa ni kule kuvutwa. Hukuwa unaota."

"Kwa hiyo si moshi."

"Si moshi. Na hakuna tone wala kidonge cha kulibandika. Ni upasuaji, Nairobi."

"Sawa. Jumatatu."

"Leo, mama. Katikati ya retina kuna mahali padogo panaposoma na kutambua nyuso. Pako pamebaki pamebandikwa, ndiyo maana umeona alama zangu. Maji yakifika hapo, daktari anaweza kuubandika utando wote vizuri kabisa na bado usirudi kuona sawasawa. Sijui yatafika lini. Inaweza kuwa kesho. Tunajua tu kwamba hayarudi nyuma yenyewe."

Nilimwuliza kama kila anayeona masizi utando wake hubanduka hivyo. Akasema hapana. Watu wengi huyaona machache miaka mingi bila madhara, lakini yakija mengi ghafla, au vimwako, au pazia, mtu aangaliwe siku hiyo. Na jicho likizimika ghafla, hata kama hakuna maumivu, hata likizimika kidogo na kurudi, mtu asikae nyumbani kubahatisha sababu. Mara nyingine ni mshipa wa damu ulioziba, na hapo mwili mzima uko hatarini.

Gari la hospitali lilikuwa likimpeleka mgonjwa mwingine Nairobi mchana ule. Kulikuwa na nafasi ya mama mkwe kulala na ya mtu mmoja wa kumsindikiza. Mke wangu, kwa hali yake, hakuruhusiwa.

Mama mkwe aliketi kitandani, akashuka, akaanza kufunga kitambaa chake.

"Mwambie tabibu asante," akamwambia binti yake. "Mwambie nitarudi Jumatatu na nitalala vile anataka. Wageni wakikuja wanikute. Mtoto wangu wa mwisho hataposwa kama yatima."

Mke wangu alianza kulia. Tabibu alinitazama mimi. Na mimi nilikuwa nikitazama mguu wa kitanda.

Nikainua macho. Nilizunguka kitanda nikasimama mbele yake, mahali ambapo mkwe hasimami, nikamtazama usoni. Ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba macho yake na ya mke wangu ni yale yale.

"Mama," nikasema, "wageni wanaweza kuambiwa wangoje. Nitatuma neno mimi mwenyewe. Lile jicho haliwezi kuambiwa."

Uso wake ulielekea kifua changu, mboni zimepanuka kwa dawa.

"Siku ya harusi," nikasema, "nataka umwone binti yako akiwa na kidevu."

Mke wangu akacheka katikati ya kulia. Mama mkwe alikaza mdomo ili asicheke, akashindwa kidogo.

"Mkwe anasimama mbele yangu na kunipa amri," alimwambia binti yake. "Umeolewa na mtu gani?"

Akapanda kitandani akalala.

Tabibu alituonyesha namna: alale chali bila mto wa juu, kichwa kimeegemea upande wa kulia, ili mpasuko uwe chini na maji yasipate nafasi ya kuendelea kubandua. Asiketi, asiinuke kuchungulia njia. Nilipaswa kumsaidia kukishika kichwa gari likiruka mashimo. Kwa hiyo kuanzia Nyeri hadi Nairobi, kupitia Karatina na Sagana, kichwa cha mama mkwe wangu kilikuwa kati ya viganja vyangu viwili, juu ya blanketi lililokunjwa. Tulipokaribia Thika aliuliza, safari hii bila kupitia kwa mtu:

"Mikono yako inachoka?"

"Hapana, mama."

"Imezoea vitu vidogo. Kichwa changu ni kizito."

Walimpasua siku iliyofuata. Daktari alitafuta mpasuko, akaugandisha kwa baridi kali ukingoni ili ushikane, akatoa maji yaliyokaa nyuma, kisha akashona kipande cha silikoni juu ya ukuta wa nje wa jicho, kama mkanda, ukuta ubonyee ndani na ukutane na utando. Aliponieleza niliona akili ya kazi ile. Mimi ningevuta gazeti liufikie ubao. Wao waliusogeza ubao ulifikie gazeti.

Macho yote mawili yalifungwa bendeji, kwa sababu jicho zima likitembea hutembea na mwenzake. Ikatokea jambo ambalo sikulitarajia. Kwa kuwa hakuniona, aibu ilimwondoka. Nilikaa kando ya kitanda nikamtazama nilivyotaka, naye akazungumza nami kama anavyozungumza na wajina wake jikoni. Aliniuliza kama saa huwa zinakufa kweli au huwa zinalala. Aliniambia kuhusu mumewe, jinsi alivyomposa, na kwamba na yeye mama yake hakuwahi kumtazama mkwe usoni hadi akafa. Nilimwachia saa ya mfukoni chini ya mto, aisikilize. Alisema inatembea kama mtu mwenye viatu vidogo.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama kutoka Murang'a, mchuma kahawa, aliyepasuliwa kwa ugonjwa huo huo na kwa mikono ya daktari huyo huyo. Pazia lake lilianza wakati wa kupanda maharagwe. Alingoja palizi, akangoja mavuno, kwa kuwa jicho la pili lilifanya kazi. Giza lilipojaa kabisa ndipo alipokuja. Bendeji zilipotolewa, mama mkwe wangu aliona vidole vya daktari na kuvihesabu. Mama wa Murang'a aliona mwanga na mkono unaotikisika, na hapo ndipo palipokuwa mwisho. Hakulalamika. Aliomba tu asimuliwe ukuta una rangi gani, na mama mkwe akamwambia, kisha akamsimulia na dirisha, na viatu vya muuguzi, kila kitu kilichokuwa chumbani, hadi siku walipoagana.

Kaka wa marehemu, huko nyumbani, alipokea neno langu, nililomtuma nalo mke wangu, kwa uso wa mvua. Lakini alivuka mto mwenyewe na koti lake, akawaeleza wageni. Wakasema posa ya mtu anayemjali mama yake ni posa nzuri, wakatuma chupa ya uji wa wimbi kwa mgonjwa. Mzee aliuleta Nairobi hadi wodini akiwa amechelewa saa za kuona wagonjwa, akamlaumu mlinzi.

Wageni walikuja wakati baridi ilipokwisha. Magazeti yalikuwa ukutani tayari, na sehemu iliyokuwa ikivuja nilikuwa nimeziba bati. Mama mkwe alikuwa na miwani sasa. Jicho lililofungwa mkanda hurefuka kidogo na kuona karibu zaidi ya awali, kwa hiyo tabibu wa Nyeri alikataa kumwachia hoja yake ya watu wa ofisi. Picha ya jicho lile haikuwa kamili. Alisema kona moja, chini upande wa pua, imebaki na kivuli, kama ukungu ambao haujainuka shambani. Lakini katikati palikuwa safi.

Wageni walipokuwa bado wanasafisha viatu nje, alikuja na chai yangu. Sikushusha macho kwa wakati. Aliweka kikombe mezani, katikati, bila kutikisa. Kisha hakurudi nyuma. Aliziba jicho la kushoto kwa kiganja, kama nilivyomfundisha kupitia kwa mke wangu, akanisogelea na kunitazama kwa lile la kulia, kwa utulivu, kuanzia paji la uso hadi chini.

"Baba wa Wajina," akasema, "kumbe una kovu kidevuni."

"Ninalo tangu utotoni, mama."

"Hakuna aliyeniambia."

Akaondoa kiganja, akarekebisha miwani, akaenda mlangoni kuwapokea wageni.